He au She? Kosa la Nafsi ya Tatu na Namna ya Kujizoeza Upya

Kabla hujaanza somo hili, chukua karatasi na utafsiri kwa Kiingereza sentensi tatu zifuatazo. Usikimbilie, andika kwa utulivu.

Dada yangu anaumwa. Anahitaji gari la kwenda Kiomboi. Mume wake amesafiri.

Ukiandika polepole, bila shaka utapata: "My sister is sick. She needs transport to Kiomboi. Her husband has travelled." Sasa funika karatasi, simama, na uyaseme maneno yaleyale kwa sauti, haraka, kama unavyozungumza na mtu aliye mbele yako. Wanafunzi wengi walioandika bila kosa husema "He needs transport" au "His husband has travelled", na wengine hawajui kabisa kwamba wamekosea mpaka waambiwe.

Wazia sasa kwamba uko Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Malori ya mizigo yanayoelekea Rwanda hupita hapo mchana na usiku, na si kila dereva anajua Kiswahili. Umempata mmoja anayekuelewa kwa Kiingereza tu, nawe unataka msaada wa kumfikisha mgonjwa hospitalini Kiomboi. Unamwambia: "My sister is sick. He needs transport." Huenda ukadhani dereva atasikia kosa dogo la sarufi na kulisamehe. Sivyo. Anayetumia Kiingereza kila siku hutumia "he" na "she" kama alama za kumwonyesha ni mtu gani anayezungumzwa. Akisikia "my sister" na mara hiyohiyo "he", anachofahamu ni kwamba mtu wa pili, mwanamume, ameingia katika habari. Atauliza, "Who needs transport? Your sister, or somebody else?" Wewe utashangaa anauliza nini, maana kwako habari ilikuwa ya mtu mmoja tangu mwanzo.

Hapo ndipo uzito wa kosa hili ulipo. Ukisema "she go" badala ya "she goes", utaeleweka, ingawa utapoteza alama. Ukisema "he" badala ya "she", umebadilisha watu wa hadithi.

KOSA LINATOKA WAPI

Watu hupenda kusema kwamba Mswahili huchanganya kwa sababu Kiswahili "hakina" he na she. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua tayari kwamba "he" ni wa kiume na "she" ni wa kike. Kama tatizo lingekuwa kutojua, lingeisha siku alipofundishwa. Mbona linabaki mpaka kidato cha sita, chuoni, na hata ofisini?

Tazama kwanza Kiswahili chenyewe. Katika ngeli ya A-WA, mtu wa nafsi ya tatu umoja huonyeshwa kwa viambishi hivi: a- akiwa kiima (analima), -m- au -mw- akiwa shamirisho (ninampenda, ninamwona), na mzizi -ake akiwa mmiliki (kitabu chake). Kiwakilishi chake huru ni yeye. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotaja jinsia. Si kwamba Kiswahili hakijui mwanamume na mwanamke: tunayo majina baba na mama, shangazi na mjomba, mvulana na msichana. Lakini jinsia ikishatajwa katika jina inaishia hapo. Haiendelei kutembea ndani ya sentensi hadi kwenye kitenzi. Lugha nyingine zinazosemwa mkoani Singida, kama Kinyiramba na Kinyaturu, ni za Kibantu vilevile na tabia yao katika jambo hili ni hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto wa Misigiri anayeanza na Kinyiramba nyumbani, akaja Kiswahili shuleni, anafika kwenye Kiingereza akiwa na lugha mbili ambazo hazikumwuliza hata mara moja, "Unayemtaja ni wa kiume au wa kike?", kabla hajatamka kitenzi.

Hilo swali ndilo kiini cha jambo. Mtaalamu wa saikolojia ya lugha wa Marekani, Dan Slobin wa Chuo Kikuu cha Kalifonia kule Berkeley, alilieleza mwaka 1987 kwa wazo ambalo tunaweza kuliita kuwaza kwa ajili ya kusema. Kila lugha, alisema, humzoesha msemaji wake kuokota habari fulani katika fikra kabla ya kufungua kinywa, kwa sababu sarufi yake inazidai. Habari ambazo lugha haizidai hubaki kichwani zikijulikana, lakini haziwekwi tayari. Unapotaka kusema "anahitaji gari", ubongo wako unaandaa mambo machache tu: ni mtu, ni mmoja, si mimi wala wewe. Hayo yanatosha kutoa a-. Unajua vizuri sana kwamba dada yako ni mwanamke, ila ujuzi huo haukuitwa kazini. Ukitafsiri ghafla, "a-" inatafuta neno la Kiingereza la karibu, na linalokuja ni lile lililo mbele zaidi kwenye ulimi.

Ndiyo maana uliandika sawa na ukasema vibaya. Ulipoandika ulikuwa na nafasi ya kurudi nyuma na kuuliza swali. Uliposema, swali lilichelewa na neno likatangulia. Huu ni utambuzi muhimu, kwa sababu unakuonyesha dawa si kukariri upya kwamba "she" ni ya kike. Dawa ni kuufanya ubongo uulize mapema.

Usifikiri pia kwamba hili ni tatizo la Waafrika. Wachina hutamka neno moja tu, tā, kwa mwanamume na mwanamke, nao wanajulikana kwa kosa hilihili wanaposema Kiingereza. Cha kuvutia ni kwamba katika maandishi wao hutenganisha: mwandishi Liu Bannong ndiye aliyeitangaza alama ya pekee ya "yeye wa kike" mnamo mwaka 1920. Hata hivyo matamshi yalibaki mamoja, na kosa likabaki mdomoni. Wafini wanaosema hän na Waturuki wanaosema o wako nasi katika chombo kimoja. Kwa upande mwingine, ikiwa umesoma madrasa unajua kwamba Kiarabu hutenganisha huwa na hiya. Umeshakutana na swali lile katika lugha nyingine, nawe unaweza kuliazima.

MGENI ANAYESEMA "KITABU YANGU"

Ili uelewe vizuri hali yako, mfikirie Mwingereza anayejifunza Kiswahili. Ameambiwa mara nyingi kwamba kitabu ni changu, gari ni langu, nyumba ni yangu. Anajua kanuni, anaweza kuiandika ubaoni. Lakini akizungumza utamsikia: "Kitabu yangu imepotea." Wewe huwezi kukosea hivyo hata ukiamshwa usiku wa manane. Hukumbuki kuwahi kujiuliza kitabu kiko ngeli gani. Ki- inajitokeza yenyewe.

Mgeni huyo na wewe mna tatizo moja. Yeye hakuzoea kuibeba ngeli ya jina kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Wewe hukuzoea kuibeba jinsia ya mtu kutoka mwanzo hadi mwisho. Upatanisho mgumu unaouweza bila kufikiri ni ushahidi kwamba kichwa chako kinaweza kazi ya aina hii. Kwa hakika Kiswahili kinadai zaidi kuliko Kiingereza, kwani wewe unachagua kati ya ki-, li-, u-, i- na nyingine, wakati Kiingereza kwa vitu vyote hivyo kina "it" moja tu.

HIS NA HER: KOSA LA PILI LENYE ASILI TOFAUTI

Vitabu vingi huliweka kosa la "his" na "her" katika kapu moja na lile la "he" na "she". Ni afadhali kuyatenganisha, kwa sababu wapo wanafunzi walioshinda la kwanza wakaendelea kuanguka katika la pili.

Soma sentensi hii: "Juma loves her mother." Mwanafunzi anamaanisha Juma anampenda mama yake mwenyewe. Anajua Juma ni mwanamume. Ukimwuliza atasema "he". Kwa nini basi aliandika "her"?

Rudi kwenye Kiswahili. Tunasema kitabu chake, vitabu vyake, gari lake, mtoto wake. Kinachobadilika ni herufi za mwanzo: ch-, vy-, l-, w-. Nani anayezibadilisha? Ni kile kinachomilikiwa. Mmiliki habadilishi kitu. Awe Juma au Asha, ni -ake ileile. Kwa hiyo umezoea tangu utotoni kwamba kivumishi cha kumiliki huangalia jina lililo jirani yake, yaani kitu kinachomilikiwa. Sasa unakutana na "___ mother". Mazoea yanakwambia: angalia jirani. Jirani ni "mother", wa kike. Unaandika "her". Kwa Kiswahili ungekuwa umefuata kanuni barabara. Kwa Kiingereza umemwangalia mtu asiyehusika.

"His" na "her" hutazama nyuma, kwa mwenye mali. Hazijali kabisa kinachomilikiwa. Juma ana "his mother, his sister, his wife, his goats". Asha ana "her father, her brother, her husband, her goats". Maneno yanayouma zaidi ni yale ya ndoa na ukoo, maana humo mmiliki na anayemilikiwa mara nyingi ni wa jinsia mbili tofauti. Kama unataka kujua iwapo una kosa hili la pili, usijipime kwa "his book" na "her pen", hapo hutakamatwa. Jipime kwa "her husband" na "his wife".

Wanafunzi waliosoma tamthilia ya Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyônô-Mbia wanakutana na mtego huu kila wanapoandika insha ya fasihi. Juliette ni msichana, Atangana ni baba yake, Oko ni mchumba wake. Sentensi sahihi ni "Juliette disobeys her father" na "Juliette gives the money to her fiancé, Oko." Katika karatasi za majaribio utakuta "his father" na "his fiancé", kwa sababu baba na mchumba ni wanaume. Msahihishaji akisoma "Juliette gives the money to his fiancé" anaweza kudhani kwamba ni mchumba wa mtu mwingine aliyetajwa kabla, na hoja yako nzuri ikapotea. Weka kidole juu ya "father" au "fiancé", kifiche, kisha uulize: ni wa nani? Ni wa Juliette. Juliette ni nani? Msichana. "Her."

MFANO ULIOFANYIWA KAZI

Kifungu kifuatacho kimetungwa makusudi kwa ajili ya zoezi. Kisome mara mbili kwa Kiswahili.

Mama Neema anaishi Misigiri. Ana duka dogo karibu na stendi. Mume wake ni dereva wa lori. Hurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Akirudi, humletea mikate. Kila Jumamosi mtoto wake wa kiume, Elia, humsaidia kupanga vitunguu. Elia akichelewa, humwita kwa jina lake kamili. Kaka yake yuko Nzega, naye humpigia simu kila Jumapili.

Hatua ya kwanza ni penseli, si ulimi. Juu ya kila mtu anapotajwa mara ya kwanza andika alama: K kwa wa kike, M kwa wa kiume. Mama Neema ni K, mume ni M, Elia ni M, kaka ni M. Kisha pigia mstari kila a-, -m-, -ake na yeye, na uchore mshale kutoka hapo kurudi kwa mtu anayehusika. Mshale ukifika kwa K, nakili K juu ya kiambishi; ukifika kwa M, nakili M.

Ukifanya hivyo utagundua mambo mawili. La kwanza ni kiambishi hu-. Katika "hurudi", "humletea" na "humwita" hakuna hata a-. Hu- ya mazoea inameza nafsi yote, lakini Kiingereza kitadai mtenda atajwe. Hapo mshale huna pa kuuanzia, na ni mahali ambapo wanafunzi hukosea sana. Andika duara dogo mbele ya kila hu- isiyo na mtenda na utie K au M ndani yake. La pili ni "Kaka yake" katika sentensi ya mwisho. Ni kaka ya nani, ya Mama Neema au ya Elia? Kiswahili kinaacha wazi, nasi hatuoni tatizo. Kiingereza kitakulazimisha uchague: "her brother" au "his brother". Hapa tuseme ni kaka ya Mama Neema.

Sasa tafsiri, ukifuata alama zako:

"Mama Neema lives in Misigiri. She has a small shop near the bus stand. Her husband is a lorry driver. He comes home twice a month. When he comes back, he brings her bread. Every Saturday her son, Elia, helps her to arrange the onions. When Elia is late, she calls him by his full name. Her brother lives in Nzega, and he phones her every Sunday."

Hesabu: maneno ya aina hii ni 14. Funika maandishi, chukua simu yenye kurekodi sauti au mwenzako wa kukusikiliza, na usimulie kifungu chote bila kusoma. Kisha sikiliza na uhesabu makosa, ukiyagawa katika safu mbili. Safu ya kwanza ni ya aliyemtaja mtu kwa jinsia isiyo yake, kama "He has a small shop". Safu ya pili ni ya aliyevutwa na jirani, kama "His husband" au "his son".

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyesema "His husband", "he brings him bread", "his son", "Elia helps him", na "she calls her by her full name". Makosa ni 6 kati ya 14, kwa sababu sentensi ile ya jina kamili ina mawili. Mawili yako safu ya pili: "his husband" na "his son". Yaliyobaki manne yako safu ya kwanza, na ukiyatazama yanasimulia jambo: mawili ya kwanza yalianza pale mume alipoingia. Mwanafunzi alitamka "his" mara moja, kisha M ikamganda mdomoni na kumfunika Mama Neema mpaka mwisho wa Jumamosi. Akiambiwa tu "una makosa 6" hatajua la kufanya. Akiambiwa "unampoteza mtu wa kwanza kila mtu wa pili anapoingia", anajua afanye zoezi gani.

Angalia pia mwelekeo. Kwa wengi kosa huenda upande mmoja zaidi: "he" humwagika juu ya wanawake kuliko "she" juu ya wanaume. Kama ndivyo ulivyo, mazoezi yako yaanze kwa wanawake.

KUJIZOEZA UPYA KWA WIKI TATU

Dakika 10 kwa siku zinatosha, mradi ziwe za kusema kwa sauti. Kusoma kimyakimya hakutibu kosa la ulimi.

Wiki ya kwanza, simulia habari za mtu mmoja tu. Chagua mwanamke unayemfahamu, bibi au shangazi, na umwone kichwani kabla ya kuanza: sura yake, kanga yake, anapokaa. Sema sentensi 10 juu ya siku yake: "She wakes up early. She fetches water. Her back hurts, but she laughs a lot." Usimtaje mwanamume yeyote. Kesho yake simulia habari za babu au mjomba kwa namna hiyohiyo. Faida ya kumwona mtu ni kwamba unaacha kutafsiri a-. Unamtaja mtu, wala hutaji kiambishi. Usichanganye watu wawili mapema. Anayeruka hatua hii huzidisha mkanganyiko.

Wiki ya pili, geuza. Simulia kifungu cha Mama Neema, kisha mara moja ukisimulie tena akiwa Baba Neema: "He has a small shop. His wife is a nurse; she comes home twice a month." Kila neno linageuka, na "her" inakutega hapa kwa namna yake. "Him" na "his" ni maneno mawili, lakini upande wa kike yote mawili ni "her": "I saw her" na "I saw her brother". Ukigeuza kutoka kike kwenda kiume itakubidi uchague: "I saw him", lakini "I saw his brother". Wanafunzi wengi huteleza hapo wakasema "I saw him brother".

Wiki ya tatu, changanya watu wawili na uongeze kasi. Mwenzako akuulize maswali ya haraka juu ya picha au watu wanaopita: "What is she carrying? Where is her child? Who is talking to him?" Ujibu bila kusita, kwa sentensi kamili. Mpe ruhusa ya kugonga meza mara moja ukikosea, bila kukwambia kosa ni lipi. Wewe uirudie sentensi nzima tangu mwanzo. Kurudia neno moja tu, "he... she", hakujengi mazoea mapya, maana sehemu inayotakiwa kuzoezwa ni ile ya kabla ya neno.

Utajuaje kwamba unaendelea? Makosa hayapungui kwa mstari mnyoofu. Kwanza utaanza kuyasikia baada ya kuyasema. Kisha utajikamata katikati ya neno: "Hi... her husband." Baadaye utasita kidogo kabla ya kusema. Mwishowe kusita kutatoweka. Kwa hiyo katika kuhesabu, kosa ulilojisahihisha mwenyewe liwekee alama tofauti na lile usilolisikia kabisa. Anayejisahihisha mara 5 yuko mbele ya aliyekosea mara 3 bila kujua. Ukiwa umechoka, umekasirika, au unasimulia jambo la kutisha, kosa la zamani litarudi. Hata wasemaji hodari huteleza wakati huo. Katika hali kama ile ya mgonjwa na dereva wa lori, njia salama ni kurudia jina lenyewe: "My sister is sick. My sister needs transport." Haipendezi masikioni, ila hakuna atakayepotea.

MAJINA YASIYOONYESHA JINSIA

Tahadhari na majina kama Baraka, Amani, Riziki na Furaha, ambayo huitwa wavulana na wasichana. Katika riwaya ya Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala utakutana na Adyeri na Abooki. Hayo ni majina ya heshima ya Watooro wa Uganda magharibi, yaitwayo empaako, na hupewa wanaume na wanawake. Jina halitakusaidia. Unaposoma kitabu chochote, tafuta mahali pa kwanza ambapo mwandishi anaandika "he" au "she" kwa mhusika huyo, kisha andika M au K kwenye ukurasa wako wa maelezo.

Mtu asipojulikana jinsia, kama katika "Mwanafunzi akichelewa, ataadhibiwa", andika "he or she", au geuza iwe wingi: "Students who come late will be punished." Mnyama, ambaye kwetu yuko A-WA pamoja na watu, kwa kawaida ni "it", isipokuwa mwenye mnyama akijua na kutaka kumtaja kwa jinsia yake.

ZOEZI

A. Jaza nafasi kwa he, she, him, her au his.

1. Asha is looking for ___ husband. ___ left in the morning.
2. Juma went to Kiomboi with ___ wife because ___ was ill.
3. My grandfather lost ___ hat, so my aunt gave ___ another one.
4. Juliette does not want the man that ___ father has chosen for ___.

B. Geuza ziwe kauli taarifa. Kumbuka kwamba "I" hufuata jinsia ya msemaji na "you" hufuata ya msikilizaji. Mtego ni jina lililo karibu zaidi.

5. Juma said to Asha, "I have lost my book."
6. Asha said to Juma, "Your mother is looking for you."

C. Simulia kwa Kiingereza, bila kuandika: Shangazi alimpigia simu kaka yake. Alimwambia kwamba mtoto wake amefaulu.

MAJIBU

1. her, He. 2. his, she. 3. his, him. 4. her, her.

5. Juma told Asha that he had lost his book. (Ukiandika "she had lost her book", Asha amekuvuta kwa kuwa karibu na kitenzi, na sasa kitabu kilichopotea ni cha Asha.) 6. Asha told Juma that his mother was looking for him.

Katika C, "kaka yake" ni "her brother", na "alimwambia" ni "she told him". Lakini "mtoto wake" kuna njia mbili: "her child" ikiwa ni mtoto wa shangazi, "his child" ikiwa ni wa kaka. Kiswahili hakikusema ni wa nani. Kabla ya kujibu ilikupasa uamue, na kama hukuona kwamba kuna la kuamua, rudi kwenye zoezi la mishale.